Waya wa umeme kwenye picha ya maharusi: nimalizie humo humo Lightroom au nihamie kwenye leya?

Nkuhungu_Studio

Wakuu salaam. Nina picha ya maharusi chini ya mbuyu, barabara ya Iringa, jua la saa kumi na moja jioni. Kamera ya megapikseli 24, faili ghafi, ISO 100, f/4. Kinachonisumbua ni waya wa umeme. Unaingia kutoka ukingo wa kushoto wa picha, unakatiza anga tupu kwa muda mrefu, unapita nyuma ya matawi ya mbuyu (msimu huu hayana jani hata moja), halafu unatokea kulia nyuma ya shela ya bibi harusi. Shela ilikuwa imepeperushwa na upepo, kwa hiyo waya unaonekana kupitia kitambaa. Kuna pia nguzo moja ndogo huko mbali kwenye upeo, na chupa ya maji kwenye nyasi pembeni ya kiatu cha bwana harusi.

Natumia Lightroom Classic, laptopu ya RAM 8 GB. Nimepitisha brashi ya Remove mara moja kutoka mwanzo wa waya hadi mwisho. Angani imetoka safi, kwenye matawi imeniwekea uji, na kwenye shela imeleta kipande cha tawi. Je, kuna namna ya kumaliza humo humo au ndiyo nihamie Photoshop? Na nikihamia, ni kabla ya kurekebisha rangi au baada?

Ipagala_Pasipoti

Mkuu, hiyo rahisi sana. Kata maharusi wote wawili, weka background nyeupe au ya bluu, maliza kazi. Pale kwangu natumia dakika mbili kwa picha.

Nkuhungu_Studio

Hapana kaka, sitoi background. Mbuyu ndio wameufuata hadi huko, wakiukosa kwenye albamu nitatafutwa. Nataka waya tu utoke.

KijanaWaUdom

Usipoteze muda na Lightroom, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Maliza rangi zako zote, kata picha, weka na vinyeti, kisha bonyeza Ctrl+E uende Photoshop na TIFF ya biti 8 ili laptopu isikwame. Kule fanya kila kitu kwa Clone Stamp.

Mzee_wa_Dakrumu

Kijana ana nusu ya jibu, nitamrudia. Kwanza tuutazame waya wenyewe, kwa sababu hapo ndipo Nkuhungu alipojikwaa: ameuchukua kama kitu kimoja. Kwako wewe ni waya mmoja, lakini kwa programu ni kazi nne tofauti, kwa sababu kinachotakiwa kujazwa mahali pake kinabadilika mara nne. Angani unajaza anga. Kwenye matawi unajaza vipenyo vya anga kati ya kingo ngumu. Kwenye shela unajaza kitambaa chenye mikunjo kinachopitisha mwanga. Kwenye upeo, pale penye nguzo, unajaza mstari wa mlima. Mkupuo mmoja wa brashi hauwezi kujibu maswali manne.

Kwa hiyo usijiulize kitu unachofuta ni kikubwa kiasi gani. Jiulize kimegusana na nini. Waya wa mita mia angani unaisha kwenye Lightroom kwa dakika chache, na kipande chake cha urefu wa kidole juu ya shela kinaweza kukuhamisha programu.

Tuanze na anga. Kabla ya kugusa chochote, washa marekebisho ya lenzi, weka alama kwenye Remove Chromatic Aberration na nyoosha upeo. Usikate picha bado. Waya wako unaanzia ukingoni kabisa, na mahali pale kiraka hakina jirani upande mmoja, ndiyo maana mara nyingi huacha doa au msuko wa rangi pale pembeni. Ukifuta kwanza na kukata baadaye, doa hilo huenda likaondoka na kipande kilichokatwa.

Bonyeza Q, chagua Heal badala ya Remove. Anga tupu haihitaji programu ibuni kitu, inahitaji kiraka kutoka jirani na chenye chanzo unachokiona kwa macho. Upana wa brashi uwe mara mbili hadi tatu ya unene wa waya, isizidi hapo. Bonyeza mwanzo wa waya, shika Shift, bonyeza mbele kidogo, nayo itakuchorea mstari ulionyooka kati ya nukta mbili. Ila waya wa umeme haujanyooka, unaning'inia. Ukivuta mstari mmoja kutoka ukingo hadi mbuyu utaukosa katikati, na ukipanua brashi ili uufikie unaongeza eneo la kujaza bila sababu. Ugawe vipande vinne au vitano vinavyopandana kidogo kwenye miisho.

Feather iwe chini. Ikiwa juu, kingo za kiraka zinafunika nusu nusu, na waya unabaki kama kivuli chembamba cha kijivu. Hicho kivuli ukiwa umezumu huwezi kukiona. Ukirudisha picha iwe ndogo ndipo kinajitokeza, kwa sababu jicho linafuata mstari mrefu hata ukiwa hafifu.

Chanzo kisogeze juu au chini kidogo tu ya waya. Anga ya jioni hung'aa zaidi karibu na upeo na kukolea kadiri unavyopanda. Heal inarekebisha tofauti hiyo, lakini ukichukua chanzo mbali sana utaleta hata chengachenga za aina nyingine.

Halafu simama kabla ya kugusa tawi la kwanza. Acha nafasi ya upana wa brashi moja. Heal inasawazisha mwanga wa kiraka na ule wa ukingo unaokizunguka. Ukingo ukiwa na tawi jeusi, weusi unavutwa ndani. Huo ndio uji wako.

Bi_Zabibu

Shikamoo mzee. Na sisi wa darktable je? Nina picha za shamba la zabibu, nataka kuondoa nyaya zinazopita katikati ya mashada. Nimetumia retouch, heal, nikachora kwa brashi juu ya waya. Zabibu zimetoka kama zimeyeyuka, nyingine zina umbo la ndizi.

Mzee_wa_Dakrumu

Marahaba dada. Sababu ni ile ile ya matawi. Kila zabibu ina ukingo wake, mng'ao wake na kivuli chake, na waya wako umekatiza zabibu nyingi kwa mkupuo. Chanzo chochote utakachochagua kitaleta nusu za zabibu nyingine zisizolingana na hizi.

Ila nikuulize: hizo si ndizo nyaya zinazoshikilia mizabibu? Ukizitoa, mashada yataning'inia hewani. Mkulima yeyote wa Hombolo ataliona hilo kabla hajaona kingine. Mimi ningeziacha, nikashusha tu mng'ao wa pale zinapometa juani kwa maski ya mwanga.

Bi_Zabibu

Ni kweli, hilo sikuliwaza. Lakini mteja amesema nyaya zitoke, anataka kibandiko cha chupa.

Mzee_wa_Dakrumu

Basi hiyo ni ya leya moja kwa moja, tena zabibu kwa zabibu. Usiipambanie kwenye darktable.

Kuna jambo moja la darktable ambalo linakusaidia wewe na wengine. Moduli ya retouch imewekwa mapema kwenye mfuatano wa kazi, kabla ya exposure, na crop iko baadaye. Maana yake ni kwamba hata kama umeshakata picha, sehemu iliyokatwa bado inaweza kuwa chanzo cha kiraka. Ukibadilisha mwanga au rangi baadaye, kiraka kinabadilika pamoja na picha, kwa sababu kilishawekwa kabla. Ukiwa unachora, gurudumu la mausi linabadilisha ukubwa, Shift na gurudumu ni ulaini wa ukingo, Ctrl na gurudumu ni ukolezo.

KijanaWaUdom

Shikamoo mzee. Sawa kuhusu anga. Lakini hujasema nimekosea wapi. Mwishoni si anahamia Photoshop tu?

Mzee_wa_Dakrumu

Marahaba. Anahamia, kwa ajili ya matawi na shela. Ila ulimpa mambo matatu ya kumwumiza.

La kwanza ni biti 8. Chukua anga ya jioni inayotoka kiwango cha 150 juu hadi 190 karibu na upeo. Hizo ni ngazi 40 tu. Kama anga inachukua pikseli 2,400 kwa wima, kila ngazi ina upana wa pikseli 60. Ukiongeza kontrasti kidogo baada ya hapo, ngazi zinaonekana kama mistari ya rangi, na kila kiraka cha kloni kinakata mistari hiyo. Kwenye biti 16 ngazi ni nyingi mno kiasi kwamba jicho halizioni. Faili litakuwa zito, ndiyo: megapikseli 24 mara rangi tatu mara baiti mbili ni MB 144 kabla ya kuongeza leya yoyote. RAM 8 GB inaimudu picha moja ya namna hiyo. Asifungue kumi kwa pamoja.

La pili ni vinyeti na kukata kabla. Vinyeti vikishawekwa, anga ya pembeni ni nyeusi kuliko ya katikati, na Clone inanakili kama ilivyo, haisawazishi. Utakuwa unahangaika kutafuta chanzo chenye mwanga unaolingana wakati ungeweza kuweka vinyeti mwishoni. Na ukikata kabla, unatupa anga ambayo ungeitumia kama chanzo.

La tatu ni Clone kila mahali. Kwenye anga yenye kushuka na kupanda kwa mwanga, Heal ndiyo yenye kazi. Clone ni ya kingo.

KijanaWaUdom

La kwanza na la pili nimekubali. La tatu sikubali sana, mtu mwenye mkono mzuri anatumia Clone kwa kila kitu na huoni.

Mzee_wa_Dakrumu

Mwenye mkono mzuri na muda mwingi, sawa.

Makole_Habari

Naomba niingilie kidogo. Haya yote ni kwa harusi na matangazo. Kama picha inaenda kwenye habari, usifute waya wala chupa. Mashirika kama AP hayaruhusu kuongeza au kuondoa kitu ndani ya picha, na shindano la World Press Photo vivyo hivyo. Vumbi la kwenye sensa linaruhusiwa kusafishwa, lakini kilichokuwa mbele ya kamera kinabaki.

Nzuguni_Mpya

Ooh, umesema vumbi la sensa. Mimi ndilo tatizo langu, kwa upepo wa huku kila picha ina nukta nyeusi angani. Na zenyewe niende Photoshop?

Makole_Habari

Hapana kabisa. Vumbi la sensa linakaa mahali pale pale kwenye kila picha. Fungua Heal, bonyeza A ili Visualize Spots iwake, utaona nukta kama viduara. Zifute kwenye picha moja, kisha nakili mpangilio huo kwa picha nyingine zilizopigwa kwa fremu ya upande ule ule. Halafu pitia kila moja, kwa sababu nukta iliyokuwa angani kwenye picha ya kwanza inaweza kuangukia jicho la mtu kwenye ya pili. Ukipiga f/16 zinakolea, ukipiga f/2.8 karibu zinapotea.

Nkuhungu_Studio

Nimerudi. Anga imekwisha, vipande vitano kama mzee alivyosema, na kweli kile kivuli cha kijivu kilikuwepo. Nimeshusha Feather kikaondoka. Chupa nimeifuta kwa Remove ikatoka vizuri, ila nyasi zimebaki na doa la giza.

Mzee_wa_Dakrumu

Umefuta chupa ukaacha kivuli chake. Jua la saa kumi na moja liko chini, kivuli cha chupa ni kirefu kuliko chupa. Futa kiraka hicho, chora upya ukijumuisha chupa na kivuli kwa pamoja, ila usiguse ukingo wa kiatu. Remove ni nzuri kwenye nyasi kwa sababu nyasi hazina mpangilio, jicho halidai kitu maalumu pale. Kama kiraka cha kwanza hakikupendezi, bonyeza / kwenye kibodi upate kingine.

Nguzo ya mbali itoe kwa hatua mbili. Sehemu iliyo angani kwa Heal, ukiishia juu kidogo ya mlima. Sehemu inayokatiza mstari wa mlima kwa Clone, na chanzo ukisogeze kulia au kushoto hadi mstari wa mlima wa chanzo ukutane na huu. Ukikosea kwa pikseli mbili utaona ngazi kwenye mlima. Na usiseme nguzo ni ndogo uiache: waya ukishatoka, nguzo isiyo na waya inashangaza kuliko ilivyokuwa.

Nkuhungu_Studio

Sawa mzee. Matawi sasa. Vipenyo vya anga kati ya matawi nimehesabu, viko zaidi ya thelathini.

Mzee_wa_Dakrumu

Vingekuwa vitano ningekuambia bakia Lightroom: Clone, Feather chini kabisa, kiraka kimoja kwa kila kipenyo, chanzo kutoka kipenyo kile kile au anga ya kimo hicho hicho. Kwa thelathini, kila kiraka ni hesabu ambayo programu inairudia kila unapogusa kitu, na laptopu yako itaanza kuburuta. Lakini uzito peke yake haungenihamisha. Kinachonihamisha ni kwamba kiraka cha Lightroom hakina maski. Huwezi kusema "weka anga hapa, ila tawi hili libaki".

Kwenye leya unageuza kazi. Rangi zako zikiwa tayari kwa kiasi nitakachosema chini, bonyeza Ctrl+E. Kwenye mipangilio ya Lightroom hakikisha ni TIFF ya biti 16. Ukifika Photoshop, usinakili leya ya chini, utapoteza kumbukumbu bure. Tengeneza leya tupu. Chukua Clone Stamp, kwenye Sample weka Current & Below, brashi iwe ngumu, ukubwa mara tatu ya waya. Weka chanzo kwenye anga safi sambamba na waya, kisha pita juu ya waya wote ndani ya mbuyu bila kujali matawi. Funika kila kitu, matawi pia.

Sasa una mstari wa anga uliokata matawi. Weka maski nyeupe kwenye leya hiyo, chukua brashi nyeusi, na rudisha matawi moja baada ya jingine. Waya wako unapita nyuma ya matawi, kwa hiyo matawi halisi yako mazima chini ya leya, hakuna cha kubuni. Unafunua tu. Brashi ya maski iwe na ulaini wa pikseli moja au mbili, kwa sababu ukingo wa tawi kwenye picha yenyewe hauna ukali wa wembe. Ikiwa ngumu kabisa, matawi yataonekana yamekatwa kwa mkasi.

Kama waya ungepita mbele ya matawi, hiyo ingekuwa habari nyingine. Ungelazimika kujenga kila tawi upya, na hapo hata mimi ningemuuliza mteja kama waya unamkera kweli.

Bi_Zabibu

Kwa GIMP ni hivyo hivyo?

Mzee_wa_Dakrumu

Ndiyo, kwa Clone. Leya tupu, washa Sample merged, maski inafanya kazi ile ile. Ukitaka Heal kule, ifanye kwenye nakala ya leya, siyo leya tupu, kwa sababu Heal inahitaji kuona kilichopo chini ya brashi ili isawazishe.

Nkuhungu_Studio

Na shela?

Mzee_wa_Dakrumu

Shela ni tamu kuliko zote. Angalia waya ulivyo pale: ni mstari mweusi kidogo tu kuliko kitambaa, na mikunjo ya kitambaa bado inaonekana juu yake. Ukiweka kiraka kizima unaua mikunjo. Unachotaka ni kuinua mwanga wa ule mstari tu.

Tengeneza leya nyingine tupu, na leya yenyewe iweke hali ya Lighten. Siyo brashi, leya. Watu wengi wanaweka Lighten kwenye upau wa brashi kisha wanachora kwenye leya tupu, halafu wanalalamika kwamba haifanyi kitu. Brashi inajilinganisha na kilichomo ndani ya leya inayochorwa, na leya ikiwa tupu hakuna cha kulinganisha, inapaka kawaida. Leya ikiwa Lighten, inalinganishwa na kila kilicho chini yake, na pikseli inabadilika pale tu kiraka kinapokuwa na mwanga zaidi. Waya mweusi unafunikwa, kitambaa cheupe kinabaki vile vile.

Clone, brashi laini, ukolezo asilimia 50 hivi, chanzo kando ya waya ukifuata mkunjo huo huo wa shela. Pita mara moja, tazama, pita tena. Hatari yake: ukichukua chanzo kwenye mkunjo unaometa zaidi, utapata mstari mweupe mahali pa mstari mweusi. Ukiuona, chanzo chako kiko kwenye mkunjo usio wake.

Mahali ambapo waya unameta juani mbele ya mlima wenye giza, geuza: leya iwe Darken.

KijanaWaUdom

Hii ya leya badala ya brashi nilikuwa siijui. Basi na swali lake la mwisho: rangi kabla au baada? Mimi bado nasema maliza zote kabla. Au atumie Open as Smart Object, abadilishe rangi wakati wowote anaotaka.

Mzee_wa_Dakrumu

Smart Object inaonekana kama jibu ila kwa kazi hii ni mtego. Faili ghafi linabaki hai chini, sawa. Lakini viraka vyako vya kloni viko kwenye leya za juu, na hivyo ni pikseli zilizoganda na rangi ya siku ile. Ukifungua ghafi na kuongeza joto la rangi, anga ya chini inageuka, viraka vinabaki na rangi ya zamani. Waya unarudi, safari hii wa bluu.

Kwa hiyo ninagawa. Kabla ya kuhamia: mizania ya weupe, mwanga wa jumla, kuokoa mng'ao wa shela, kupunguza chengachenga, marekebisho ya lenzi, na viraka vyote vya mahali patupu. Haya yanahitaji data ya ghafi, na TIFF haiwezi kuyarudisha vizuri. Baada ya kurudi Lightroom na TIFF: kukata, vinyeti, Clarity, Dehaze, toleo la nyeusi na nyeupe. Ukali wa mwisho pia uache baadaye. Ukiunoa kabla, kingo za matawi zitakuwa na mstari mweupe ambao maski yako italazimika kuuzunguka.

Makole_Habari

Hapo kwenye Clarity na Dehaze mimi natofautiana, mzee. Dehaze huanika kila kiraka kibovu. Ni afadhali aiweke kabla ili aone viraka vyake vikoje, kuliko kushtukia baadaye.

Mzee_wa_Dakrumu

Hoja ina uzito. Mimi napata faida hiyo hiyo kwa leya ya Curves ya muda juu ya zote, mkunjo wa S mkali sana. Viraka vibovu vinajitokeza kama minyoo laini isiyo na chengachenga. Ninavirekebisha kisha ninaifuta leya hiyo. Lakini kama mteja anapenda Dehaze nyingi na unajua hutaibadilisha, iweke kabla, sitagombana.

KijanaWaUdom

Mimi nagombana. Clarity kabla, daima. Ukiiweka juu ya TIFF yenye maski unapata mng'ao kuzunguka matawi.

Makole_Habari

Mng'ao wa Clarity kwenye matawi unaupata hata ukiiweka kabla, kijana. Angalia tena.

Nkuhungu_Studio

Wakuu, taarifa. Matawi yametoka, njia ya kufunika yote kisha kufunua kwa maski ni nzuri mno. Shela imetoka isipokuwa sehemu moja kwenye pindo, pale kitambaa kimejikunja mara mbili. Lighten inaacha mstari hafifu.

Halafu kuna jambo jingine. Nikizumu asilimia 100, matawi niliyoyafunua yana uzi wa zambarau pembeni, lakini anga ya kloni ni safi. Zamani sikuuona.

Mzee_wa_Dakrumu

Pindo: pale kitambaa ni cheusi kuliko unavyodhani, kwa hiyo chanzo kutoka shela ya mkunjo mmoja hakilingani. Kwa sehemu hiyo tu, tengeneza leya ya kawaida, Clone kutoka pindo lenyewe hapo juu au chini, ukifuata ukingo wake. Ni kama sentimita moja kwenye skrini, itakubali.

Uzi wa zambarau ulikuwepo tangu mwanzo, ni lenzi kwenye f/4 dhidi ya anga angavu. Kwenye picha nzima ulikuwa unajificha, sasa umeuwekea anga safi kando yake. Uliwasha Remove Chromatic Aberration kabla ya kuhamia?

Nkuhungu_Studio

Niliwasha. Umepungua tu, haujaisha.

Mzee_wa_Dakrumu

Basi uliobaki ni wa aina ambayo alama ile haiushiki. Hifadhi TIFF, rudi nayo Lightroom, nenda kwenye Defringe, chukua kidondoshi ubonyeze juu ya huo uzi wa zambarau. Defringe inafanya kazi kwenye TIFF pia. Ila tazama shela na maua ya bibi harusi wakati unafanya hivyo. Kama kuna zambarau kwenye shada lake, nayo itafifia ukingoni.

Nkuhungu_Studio

Shada lina zambarau tupu, mzee.

Bi_Zabibu

Basi weka Defringe kwa maski ya brashi kwenye matawi peke yake. Ipo kwenye vitelezi vya maski, karibu na mwisho.

Mzee_wa_Dakrumu

Sawasawa, dada kaniwahi. Kwenye maski ni kitelezi kimoja tu, hakina kuchagua rangi, kwa hiyo anza na 30 upande taratibu. Ikifika mahali kingo za matawi zinageuka kijivu, umepita.